Mashine Mbili, Damu Moja: Tutajuaje Kama Zinakubaliana?

*Hotuba hii niliitoa Tanga mjini, mbele ya wataalamu wa maabara, wauguzi wa kliniki za wajawazito na wanafunzi wa vyuo vya afya. Wengi walioikosa wameniomba niiweke yote, na nimeiweka kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, kwa hiyo palipohitaji mchoro nimeueleza kwa maneno.*

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Habari za asubuhi, ndugu zangu.

Mgeni rasmi, waganga wafawidhi mliotoka Muheza, Pangani na Mkinga, dada zangu wa kliniki, na ninyi watu wa maabara mliokimbilia viti vya nyuma karibu na feni, nawashukuru kwa kuja.

Nianze na swali ambalo wengi wenu mmeshaulizwa na mgonjwa. Mama mjamzito anapimwa wingi wa damu kwenye zahanati kwa kile kimashine cha mkononi, anaambiwa ana 11.1. Anafika hospitali siku hiyo hiyo, anapimwa kwa mashine kubwa ya maabara, anaambiwa ana 10.2. Anauliza, "Sasa daktari, mimi damu ninayo au sina?" Mnamjibu nini? Wengine mnamwambia mashine ya zahanati ni mbovu. Wengine mnamwambia tofauti ni ndogo, asijali. Na mimi nawauliza: mmejuaje kwamba ni mbovu? Mmejuaje kwamba tofauti ni ndogo?

Shughuli yetu ya leo ni hiyo tu. Vyombo viwili vinapima kitu kimoja, nasi tunataka kujua kama kimoja kinaweza kukaa mahali pa kingine bila mgonjwa kudhurika.

Basi tuanze na kosa ambalo limezoeleka kuliko yote. Mtu anapima watu kwa mashine zote mbili, anaingiza namba kwenye kompyuta, anatoa kipimo cha uhusiano, ile herufi `r`. Inakuja 0.97. Anashangilia! Anaandika kwamba mashine zinakubaliana kwa asilimia 97. Ndugu zangu, `r` haisemi hivyo hata kidogo.

Nendeni soko la Mgandini. Chukueni mizani ya muuzaji ambayo kila siku inazidisha gramu 200. Pimeni dagaa, nyanya na mchele kwa mizani hiyo, kisha pimeni tena kwa mizani sahihi. Mkipiga hesabu ya `r` mtapata 1 kamili, kwa sababu kila kinachozidi huku kinazidi na kule kwa kiasi kile kile. Uhusiano umetimia, na mnunuzi ameibiwa. Hata kama mizani ile ingesoma mara mbili ya uzito wa kweli, `r` ingebaki 1. Kipimo hicho kinauliza kama namba za huku zinapanda pamoja na za kule. Hakiulizi kama ni sawa.

Kina na udhaifu wa pili, ambao kwa maoni yangu ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. `r` inapanda kadiri mnavyochagua watu waliotofautiana sana. Wekeni kwenye kundi watoto wenye upungufu mkali wa damu pamoja na wanaume wenye afya waliokuja kuchangia damu, `r` itanona. Wachukueni wajawazito peke yao, ambao wengi wao wako kati ya 9 na 12, `r` itashuka. Mashine ni zile zile, na makosa yake ni yale yale! Sasa kipimo kinachobadilika kwa kubadilisha foleni ya wagonjwa kinawezaje kuwa hukumu juu ya mashine?

Hili walilisema wazi watakwimu wawili wa Uingereza, Martin Bland na Douglas Altman, katika jarida la Lancet mwaka 1986. Walichukua vyombo viwili vya kupima kasi ya juu ya pumzi mtu anapopuliza kwa nguvu: kile kikubwa kinachoitwa Wright, na kidogo cha mkononi cha aina hiyo hiyo. Waliopuliza walikuwa watu 17, wafanyakazi wenzake na ndugu zake Bland. Napenda kulitaja hili kwa wanafunzi wanaodhani utafiti hauanzi mpaka fedha za wafadhili ziingie.

Uhusiano ulikuwa 0.94. Wengi wetu tungefunga faili hapo tukanywe chai. Wao wakafanya jambo jepesi mno: kwa kila mtu walitoa namba ya chombo kimoja kutoka namba ya chombo kingine, kisha wakaziangalia zile tofauti zenyewe. Wastani wa tofauti ulikuwa lita 2.1 tu kwa dakika, karibu na sifuri. Lakini tofauti za mtu mmoja mmoja zilitawanyika sana, hivi kwamba kwa mtu yeyote chombo kidogo kingeweza kusoma lita 80 chini ya kile kikubwa, au lita 76 juu yake. Kwa mgonjwa wa pumu, lita 80 si mchezo. Zinaweza kubadilisha dawa anayopewa.

Mmeona? Wastani ulikuwa mzuri, uhusiano ulikuwa mzuri, na bado vyombo havifai kubadilishana.

Sasa tufanye wenyewe, maana mambo haya hayaingii kichwani mpaka mkono umeshika kalamu. Namba ninazowapa nimezitunga kwa ajili ya kujifunzia, msizipeleke kokote kama matokeo ya utafiti. Tuna wajawazito 12. Kila mmoja amepimwa hemoglobini kwa mashine ya maabara na kwa kimashine cha mkononi, kwa gramu kwa desilita. Kwa kila mama tunachukua ya mkononi, tunatoa ya maabara. Amueni mapema ipi inatolewa kwenye ipi, andikeni juu ya karatasi, na msigeuze katikati ya kazi.

Mama wa kwanza maabara inasema 6.8, ya mkononi 7.3, tofauti ni 0.5. Wa sita ndiye yule wa mwanzo wa hotuba: 10.2 na 11.1, tofauti 0.9. Wa nne maabara inasema 9.4 na ya mkononi 8.9, kwa hiyo tofauti ni hasi 0.5. Hiyo alama ya kutoa msiifute, tafadhali. Nimeona mtu akifuta alama zote kwa kusema "tofauti ni tofauti tu", na hapo hapo akapoteza habari ya mashine gani inasoma juu. Tofauti zote 12, kwa mpangilio kuanzia mama mwenye damu kidogo hadi mwenye nyingi, ni hizi: 0.5, 0.1, 0.8, −0.5, 0.6, 0.9, −0.2, 0.7, 0, 0.6, −0.3 na 0.4.

Jumlisheni, mtapata 3.6. Gawanyeni kwa 12, mtapata 0.3. Huo ndio wastani wa tofauti, yaani ya mkononi kwa kawaida inasoma juu ya maabara kwa 0.3. Halafu tunatafuta mtawanyiko. Kila tofauti itoeni 0.3, kinachobaki kizidisheni kwa chenyewe, jumlisheni vyote, mtapata 2.38. Gawanyeni kwa 11, yaani watu wote ukitoa mmoja, kisha tafuteni kipeo cha pili. Inakuja 0.465. Huo ndio mchepuko sanifu wa tofauti. Kwenye Excel, kama tofauti ziko safu ya C, ni mistari minne:

```
=AVERAGE(C2:C13)
=STDEV.S(C2:C13)
=AVERAGE(C2:C13)-1.96*STDEV.S(C2:C13)
=AVERAGE(C2:C13)+1.96*STDEV.S(C2:C13)
```

Mstari wa tatu na wa nne ndiyo mipaka ya makubaliano. Kwetu hapa inatoka −0.6 na 1.2. Ile 1.96 inatokana na kwamba tofauti zikitawanyika kwa umbo la kengele, zipatazo 95 katika kila 100 huangukia ndani ya umbali huo kutoka kwenye wastani. Ndiyo maana ni lazima mzichore tofauti na kuziangalia kwa macho. Umbo la kengele linatakiwa kwenye tofauti, halitakiwi kwenye hemoglobini zenyewe.

Mchoro wake ni rahisi. Mhimili uliosimama unabeba tofauti. Mhimili uliolala unabeba wastani wa vipimo viwili vya kila mama: kwa mama wa sita ni 10.2 na 11.1, jumlisha, gawa kwa mbili, 10.65. Kila mama anapata nukta moja. Kisha mnapiga mistari mitatu iliyolala: mmoja kwenye 0.3, mmoja kwenye 1.2, mmoja kwenye −0.6. Basi.

Hapa kijana mmoja huwa anainua mkono: kwa nini mhimili uliolala tusiweke namba ya maabara peke yake, si ndiyo tunayoiamini? Swali zuri. Bland na Altman walilijibu katika Lancet hiyo hiyo mwaka 1995. Mashine ya maabara nayo inakosea kidogo. Siku ikikosea kwa kusoma juu, nukta ya mama yule inasogea kulia, na papo hapo tofauti yake inashuka, kwa sababu namba ile ile ya maabara ndiyo iliyotolewa. Ikikosea kwa kusoma chini, nukta inakwenda kushoto na tofauti inapanda. Mkishamaliza mtaona mteremko mzuri kabisa kutoka kushoto kwenda kulia, mseme kimashine kinazidisha kwa wenye damu kidogo, kumbe mteremko mmeutengeneza wenyewe. Wastani wa vipimo viwili unaondoa sehemu kubwa ya mtego huo.

Sasa turudi kwa akina mama wetu, maana hapa ndipo hesabu inapokutana na mtu. `r` ya namba hizi 12 ni ile ile niliyoitaja mwanzo, 0.97. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa upungufu wa damu kwa mjamzito wa miezi mitatu ya mwanzo kwenye 11, na upungufu mkali ni chini ya 7. Tuchukulie wote 12 wako miezi hiyo. Kwa mashine ya maabara, wanane wako chini ya 11. Ya mkononi inawaona sita tu. Wawili wameambiwa wako salama: yule wa 10.2 aliyesomeka 11.1, na mwingine wa 10.9 aliyesomeka 11.6. Na yule wa kwanza mwenye 6.8, ambaye alipaswa kupewa rufaa mara moja, kimashine kimempa 7.3. Amepewa vidonge vya damu, akaambiwa arudi kliniki tarehe yake.

Uhusiano wa 0.97, jamani! Na mama wa 6.8 yuko njiani kurudi nyumbani.

Mtu atasema: si tunajua kinazidisha 0.3, basi tupunguze 0.3 kwenye kila jibu. Haya, tupunguze. Mama wa sita anakuwa 10.8, tumempata. Yule wa 11.6 anakuwa 11.3, bado tumemkosa. Wa kwanza anakuwa 7.0 juu ya alama, bado hayuko chini ya 7. Kwa nini? Kwa sababu kupunguza kunahamisha mistari yote kwa pamoja lakini hakuisogezi karibu. Mipaka sasa ni −0.9 na 0.9, na upana wake haujapungua hata chembe. Kinachozidisha kila mara kwa kiasi kilekile kinarekebishika kwa hesabu. Kinachoyumba hakirekebishiki kwa hesabu, inabidi mtafute kinachokiyumbisha.

Na hapo watu wa maabara mnajua pa kutafuta. Je, mlilinganisha mashine, au mlilinganisha kidole na mshipa? Mara nyingi ya mkononi inapewa tone la kidoleni na ya maabara inapewa damu ya mshipa, kisha tofauti yote inabebeshwa kimashine. Kama mnataka kujua habari za mashine peke yake, chukueni chupa moja yenye kofia ya zambarau, ipindueni taratibu mara nane hadi kumi, kisha damu ya chupa hiyo hiyo iende kwenye mashine zote mbili. Chupa iliyosimama kwenye kishikio dakika kadhaa bila kupinduliwa, chembe nyekundu zimezama, na tone la juu litawadanganya. Halafu fanyeni zamu ya pili kwa tone la kidole, kwa sababu zahanati ndivyo watakavyofanya. Mtawanyiko ukiwa mdogo kwa chupa na mkubwa kwa kidole, msikilaumu kimashine. Nendeni mkamwangalie anayetoboa. Je, anakikamua kidole mpaka majimaji ya mwilini yanachanganyika na damu? Tone la kwanza analifuta? Kuna kiputo cha hewa ndani ya kile kijikasha cha plastiki? Na sisi wa pwani tuna letu: kopo la vijikasha likiachwa wazi katika unyevu huu wa Tanga, kemikali iliyomo ndani inaharibika kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye lebo.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: pimeni chupa moja mara mbili kwa kimashine kile kile. Chombo kisichokubaliana na nafsi yake kitakubalianaje na kingine? Ikiwa chenyewe kinatoa 9.4 kisha 10.1 kwa damu ile ile, mipaka mipana mliyopata imeshaeleweka. Ila zile rudio msiziingize kwenye hesabu kama watu wapya. Vipimo 12 vya akina mama wanne si sawa na akina mama 12.

Nikija kwenye hoja ambayo hasa ndiyo iliyonileta. Niliwahi kupewa ripoti ya ulinganisho niipitie. Mchoro ulikuwa safi, mistari mitatu imekaa vizuri, na hitimisho likasomeka hivi: "Asilimia 95 ya nukta zimo ndani ya mipaka, kwa hiyo mashine zinakubaliana." Nikaisoma mara ya pili. Ndugu zangu, mipaka inachorwa kutokana na nukta hizo hizo ili izizunguke asilimia 95 hivi! Chukueni mashine mbovu kuliko zote nchini, mistari itatanuka mpaka iwameze wote. Nukta kuwa ndani ya mipaka hakuthibitishi chochote. Swali ni mipaka yenyewe iko wapi. Je, −0.6 hadi 1.2 ni umbali ambao daktari anaweza kuuvumilia?

Na swali hilo kompyuta haina jibu lake. Jibu analo mganga, muuguzi na mtu wa maabara wakikaa meza moja, na wakae kabla ya kupima, si baada. Tuseme wamekubaliana kwamba kwa kliniki ya wajawazito tofauti isizidi 0.5 juu wala chini. Basi kimashine cha mfano wetu kimeshindwa, na hakuna ubishi. Lakini wakisubiri waone namba kwanza, nawahakikishia 1.2 itapata watetezi, hasa kama vimashine vimeshanunuliwa na viko stoo. Kikao hicho kinaweza kuamua tofauti kwa kazi tofauti. Kwa uchunguzi wa kijamii unaotafuta wastani wa kata nzima, kimashine kinachoyumba kwa 0.9 lakini hakiegemei upande wowote kinaweza kutosha. Kwa kuamua nani aongezewe damu usiku huu, hapana.

Mipaka yenyewe nayo ni makadirio. Kwa watu 12, ule mpaka wa juu wa 1.2 unaweza kwa kweli kuwa popote kati ya 0.7 na 1.7. Mngepima watu 100 na mtawanyiko ukabaki ule ule, ungekuwa kati ya 1.05 na 1.37 hivi. Kwa hiyo ripoti ya watu 12 inafaa kwa kujifunzia na kwa kugundua hitilafu kubwa, haifai kwa kuagiza vifaa vya mkoa mzima. Na hao 100 watoke kwenye foleni ile ile mtakayoihudumia, wakiwemo wenye damu kidogo sana, maana hao ndio kosa linawaumiza.

Neno fupi kwa wanaopima wingi wa virusi. Kwenu tofauti hukua kadiri kiasi kinavyokua, na nukta zinafunguka kama feni, nyembamba kushoto na pana kulia. Mipaka ya kawaida hapo inakuwa mipana mno kwa wenye virusi vichache na finyu mno kwa wenye vingi. Geuzeni namba ziwe logi kwanza, kisha fanyeni yote niliyosema. Mipaka ya −0.3 na 0.3 kwa logi ya msingi wa 10 maana yake ni kwamba mashine moja inaweza kusoma nusu ya nyingine au mara mbili yake.

Kabla sijakaa, dada mmoja kutoka Pangani aliniuliza asubuhi pale mlangoni: "Kama hatujui mashine ipi kati ya hizi mbili inasema kweli, mchoro huu utatusaidia nini?" Dada yangu, mchoro huu haukuambii ipi inasema kweli. Kwa hilo utahitaji sampuli ya udhibiti yenye kiasi kinachojulikana, uipime kwa zote mbili. Mchoro unakuambia kama mama akipimwa kwako leo na hospitali ya mkoa ya Bombo kesho, majibu mawili yanaweza kuandikwa kwenye kadi moja na kufuatwa kama mfululizo mmoja. Kama mipaka haikubaliki, andika kwenye kadi jina la mashine pembeni ya kila jibu, na umpeleke mama kupimwa maabara kila kimashine kinaposoma chini ya 8.5. Kwa mipaka ya mfano wetu, mwenye 6.9 kwa kawaida hawezi kusomeka juu ya 8.1, na hiyo nyingine ni akiba kwa sababu mipaka yetu ilitokana na watu 12.

Nakaribisha maswali, tuanzie viti vya nyuma.